Kuagana na Msambazaji kwa Barua Pepe

Chukua mgahawa unaotaka kuachana na msambazaji wake wa mikate. Kwanza mwenye mgahawa asome mkataba: notisi ni ya siku ngapi, na je, barua pepe inakubalika? Kama ni siku 30, aandike Juni mwishoni hivi:

“Ndugu, kwa mujibu wa kifungu cha 9, tunasitisha mkataba wetu kuanzia tarehe 31 Julai. Oda za hadi siku hiyo tutazipokea na kuzilipa. Kreti zenu tutazirudisha. Tafadhali thibitisheni kupokea notisi hii na mtutumie hesabu ya madeni.”

Akiandika “tunafikiria kupumzika kidogo”, mikate itaendelea kuja, na ankara pia. Akiorodhesha lawama, ataanzisha mabishano pasipo sababu.