Saiti Ikisimama, Riba Haisimami

Mkandarasi akifunga geti la saiti na kuwaruhusu mafundi warudi makwao, benki haihusiki na sababu zake. Mkopo uliochukuliwa kujengea unaendelea kudai riba siku hadi siku, nondo zikiota kutu na ngazi zikiwa tupu. Hapo mhasibu wa kampuni hukabiliwa na swali ambalo jibu lake linaweza kubadilisha faida ya mwaka mzima: riba ya siku hizo za ukimya iandikwe wapi? Je, ijumlishwe kwenye gharama ya jengo pamoja na saruji, kokoto na ujira wa mafundi, au ihesabiwe kuwa matumizi ya mwaka na kukatwa moja kwa moja kwenye faida?

Kanuni inayotawala jambo hili ni Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 23. Zamani kampuni ziliruhusiwa kuchagua. Iliyotaka kuipeleka riba yote kwenye matumizi ya mwaka ilifanya hivyo, na iliyotaka kuiweka kwenye gharama ya jengo ilifanya hivyo pia, hata ikawa vigumu kulinganisha hesabu za kampuni mbili zilizojenga majengo yanayofanana. Machi 2007 bodi ya kimataifa ya viwango vya uhasibu, yenye makao yake London, iliondoa uchaguzi huo. Tangu Januari 1, 2009, riba inayohusika moja kwa moja na ujenzi wa mali inayochukua muda mrefu kukamilika lazima iingie kwenye gharama ya mali hiyo.

Msingi wa kanuni hii ni rahisi kuuelewa. Jengo haliwezi kuingiza kodi ya pango kabla halijakamilika, na fedha za kulijenga zina bei yake. Anayekopa ili ajenge hulipa gharama ya kukopa kama anavyolipa gharama ya mchanga. Kwa hiyo riba ya kipindi cha ujenzi ni sehemu ya kile kilicholigharimu jengo, nayo itapunguzwa kidogo kidogo kama uchakavu katika miaka ambayo jengo linatumika. Lakini hoja hiyo inasimama pale tu kazi inapoendelea. Kazi ikikoma, riba hailipii tena ujenzi. Inalipia kungoja.

Mfano wa kubuni utaonyesha namna hesabu inavyokwenda. Kampuni moja ya Dar es Salaam inajenga ghala. Januari 1 inachukua benki mkopo wa shilingi bilioni 1.2 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, na mkataba unasema wazi kwamba fedha hizo ni za ghala hilo tu. Riba ya mwaka mzima ni shilingi milioni 180, yaani milioni 15 kila mwezi. Mkopo wa namna hii, uliofungwa kwenye mradi mmoja, humrahisishia kazi mhasibu. Hahitaji kukokotoa wastani wa riba za mikopo mbalimbali ya kampuni. Anachukua riba halisi ya mkopo huo.

Mkopo ulipotoka, vibali vyote vya ujenzi vilikuwa vimeshapatikana mwaka uliotangulia, ila mkandarasi alikuwa bado hajamaliza kazi yake nyingine. Januari na Februari zikapita bila lolote kufanyika. Riba ya miezi hiyo miwili, shilingi milioni 30, haiingii kwenye ghala. Kiwango kinataka mambo matatu yakutane kwanza: fedha ziwe zimeanza kutumika kwa ajili ya mali hiyo, riba iwe imeanza kudaiwa, na shughuli za kuiandaa mali ziwe zinaendelea. Shughuli hizo si lazima ziwe za koleo na sepeto. Kuchora ramani na kufuatilia vibali huhesabika. Kukaa na kiwanja kisichofanyiwa chochote hakuhesabiki.

Machi 1 kazi inaanza na mkandarasi analipwa shilingi milioni 600. Nusu ya pili ya mkopo inabaki benki katika akaunti ya amana inayolipa asilimia 6 kwa mwaka, sawa na shilingi milioni 3 kwa mwezi. Hapa ndipo wengi huteleza. Kwa kuwa ni nusu tu ya mkopo iliyotumika, huona kwamba nusu tu ya riba ndiyo inayopaswa kuingia kwenye gharama ya jengo. Kwa mkopo maalumu wa mradi, sivyo. Riba yote ya kipindi cha ujenzi huchukuliwa, kisha hupunguzwa mapato yaliyopatikana kwa kuziweka kwa muda fedha ambazo bado hazijatumika. Hivyo kwa kila mwezi kuanzia Machi, milioni 15 za riba zinatolewa milioni 3 za amana, na milioni 12 zinaingia kwenye gharama ya ghala.

Aprili masika yanashika kasi. Msingi unajaa maji, malori yanakwama, na kwa wiki tatu hakuna kinachofanyika. Je, hesabu ya riba isimamishwe? Hapana. Ukanda wa pwani hupata masika kila mwaka kati ya Machi na Mei, na yeyote anayejenga katika miezi hiyo anajua kwamba siku kadhaa zitaliwa na mvua. Kiwango chenyewe kinatoa mfano wa daraja ambalo ujenzi wake unachelewa kwa sababu mto umejaa: ikiwa kujaa kwa mto ni jambo la kawaida katika eneo hilo wakati wa ujenzi, riba inaendelea kuingizwa kwenye gharama. Kucheleweshwa na jambo la kawaida kama hilo ni sehemu ya kujenga mahali hapo.

Maneno ya kushikilia katika kanuni hiyo ni “jambo la kawaida katika eneo hilo”. Mafuriko makubwa kama yaliyoikumba Rufiji mwezi Aprili 2024 hayawezi kutetewa kwa kusema tu kwamba ilikuwa masika. Mwenye mradi uliosimama kwa sababu ya maji atapaswa kutazama hali ya mahali hapo kwa miaka iliyopita na kuonyesha kama kusimama kwa kiasi hicho kulitarajiwa.

Kisa kinachobadilisha hesabu kinakuja Julai 1. Mkandarasi anadai nyongeza kwa sababu bei ya nondo imepanda, mwenye mradi anakataa, na mafundi wanaondolewa saiti. Mazungumzo yanavutana hadi mwisho wa Agosti. Katika miezi hiyo miwili hakuna tofali lililowekwa wala mchoro uliorekebishwa. Mgogoro wa malipo si hatua ya ujenzi kama ulivyo muda wa kungoja zege likauke. Riba ya Julai na Agosti, shilingi milioni 30, inapelekwa kwenye matumizi ya mwaka, na milioni 6 zilizopatikana kwenye amana katika miezi hiyo zinahesabiwa kuwa mapato ya mwaka.

Je, mgogoro huo ungekwisha kwa siku kumi? Kiwango kinasema uingizaji wa riba usimamishwe katika vipindi virefu ambavyo kazi imesitishwa, lakini hakitaji idadi ya siku. Mgomo wa siku chache katika mradi wa miezi tisa kwa kawaida haugusi hesabu. Miezi miwili katika mradi huohuo ni zaidi ya moja ya tano ya muda wake wote, na ni vigumu kuiita mifupi. Katikati ya hapo uongozi wa kampuni unapaswa kupima, kuandika sababu za uamuzi wake, na kutumia kipimo hichohicho mradi ujao utakaposimama.

Urefu wa muda pekee hautoshi kuamua. Tuseme mafundi waliondolewa Julai kwa sababu udongo uligunduliwa kuwa dhaifu, na kwa miezi hiyo miwili wahandisi walikuwa wakipima udongo, kuchora upya msingi na kupeleka michoro kwenye mamlaka ili iidhinishwe. Geti lingekuwa limefungwa vilevile, lakini riba ingeendelea kuingia kwenye gharama ya ghala, kwa kuwa kazi kubwa ya kitaalamu ilikuwa inafanyika.

Septemba 1 pande mbili zinaelewana, mkandarasi analipwa milioni 600 zilizobaki, na kazi inarudi. Amana imekwisha, kwa hiyo riba yote ya milioni 15 kwa mwezi inaingia kwenye jengo mpaka Novemba 30, ghala linapokamilika. Desemba wapangaji bado hawajahamia na rangi ya milango miwili haijamaliziwa. Hata hivyo riba ya Desemba ni matumizi ya mwaka, kwa sababu jengo liko tayari kutumika na mapambo madogo hayaendelezi kipindi cha ujenzi.

Sasa jumla. Machi hadi Juni ni miezi minne, Septemba hadi Novemba ni mitatu. Miezi saba kwa milioni 15 ni milioni 105; zikitolewa milioni 12 za amana ya Machi hadi Juni, zinabaki milioni 93. Ghala linaingia kwenye mizania kwa shilingi bilioni 1.293. Miezi mitano iliyobaki, yaani Januari, Februari, Julai, Agosti na Desemba, inapeleka milioni 75 za riba kwenye taarifa ya faida na hasara.

Vishawishi viko kwenye Julai na Agosti. Kampuni ikifumbia macho mgogoro na kuendelea kuingiza riba kana kwamba kazi haikusimama, milioni 24 zaidi zitajificha ndani ya ghala na faida ya mwaka itapanda kwa kiasi hichohicho. Ikiwa jengo litachakaa kwa miaka 40, kosa hilo litalipwa kwa shilingi laki sita tu kwa mwaka, kwa hiyo wasomaji wengi wa hesabu hawataliona kamwe.

Mkaguzi wa hesabu makini haanzi na vitabu vya hesabu. Huomba shajara ya saiti, ambamo idadi ya mafundi huandikwa kila siku, kisha hutazama hati za malipo zilizoidhinishwa na mkadiriaji majenzi. Mwezi usio na hati ya malipo, usio na mafundi kwenye shajara, lakini wenye riba iliyoingizwa kwenye jengo, unahitaji maelezo. Barua kati ya mwenye mradi na mkandarasi humwonyesha tarehe kazi iliposimama na sababu yake.

Biashara ndogo zinazofuata kiwango cha kimataifa kilichotungwa kwa ajili yao hazina mzigo huu, kwa kuwa humo riba yote ni matumizi ya mwaka, saiti ikifanya kazi au ikisimama. Kampuni kubwa hutakiwa kutaja katika maelezo ya hesabu zao kiasi cha riba kilichoingizwa kwenye mali katika mwaka husika. Mwenye hisa anayejua kwamba mradi wa kampuni yake ulisimama miezi miwili ana haki ya kuutafuta mstari huo katika ripoti ya mwaka, na kuuliza kwenye mkutano mkuu riba ya miezi hiyo ilikwenda wapi.