Asilimia ya nani?

Ripoti moja ya afya inasema asilimia 15 tu ya watoto wenye homa walipelekwa kupata matibabu. Kabla ya kuwalaumu wazazi, uliza: asilimia 15 ya watoto gani?

Katika tafiti za afya ya kaya, mama huulizwa kwanza kama mtoto wake wa chini ya miaka 5 alipata homa katika wiki 2 zilizopita. Akijibu hapana, mdadisi huruka swali la matibabu.

Tuseme watoto ni 1,000, wenye homa 200, na 150 kati yao walipelekwa kituo cha afya. Gawanya 150 kwa 200 upate asilimia 75. Anayegawanya kwa 1,000 hupata 15, maana amewahesabu watoto 800 wazima kama wagonjwa walionyimwa matibabu.

Kosa hili hugunduliwa kwa kuangalia idadi iliyoandikwa chini ya jedwali. Ikiwa jedwali la matibabu lina idadi ileile ya sampuli nzima, shuku. Kisha jumlisha majibu yote: yakikomea asilimia 20, wale 80 waliobaki ni walioruka swali.

Kuna wengine walioulizwa wakakaa kimya. Kama kati ya wale 200 mama wa watoto 10 hawakujibu, ukiwaondoa utapata 150 kwa 190, yaani karibu asilimia 79. Njia zote mbili zinakubalika, mradi ripoti itaje iliyotumika.