Kutambua aina za mikoko kwenye picha ya ufukweni

Misitu ya mikoko ya pwani ya Kenya na Tanzania ina aina chache za miti. Orodha za kawaida hutaja tisa au kumi, na tano kati ya hizo ndizo zinazoonekana kwenye picha nyingi: mkoko, mkandaa, msindi ambao Kenya huitwa pia muia, mchu na mlilana. Uchache huo humrahisishia kazi anayetazama picha, kwa sababu hatafuti jina moja miongoni mwa mamia. Ugumu upo kwa mkoko, mkandaa na msindi. Hawa ni wa ukoo mmoja, wote hubeba miche mirefu ya kijani inayoning'inia matawini, na wote wana majani mazito yanayong'aa. Watu wengi huwaita wote mikoko na kuishia hapo.

Jambo la kwanza la kujua kuhusu picha ni mahali ilipopigwa. Picha iliyopigwa Omani haina utata, kwa kuwa mikoko ya asili ya pwani ile ni ya aina moja tu, mchu. Picha ya Muanda, pale Mto Kongo unapoingia Atlantiki, ina mizizi inayofanana kabisa na ya mkoko wa Lamu, lakini mti ni wa aina nyingine ya jenasi hiyo hiyo, kwa maana mikoko ya Atlantiki na ya Bahari ya Hindi si ile ile. Katika bara la Afrika Mashariki, mti wa jenasi ya Rhizophora unaopatikana ni mmoja, Rhizophora mucronata, nao ndio utakaoitwa mkoko katika makala haya. Anayeikuta picha bila kujua ilikotoka asithubutu kuandika jina kamili la kisayansi. Jina la jenasi litamtosha.

Mizizi ndiyo inayoonekana kwanza, hata kwenye picha iliyopigwa mbali. Mkoko huteremsha mizizi kutoka kwenye shina, juu ya tope, ikapinda na kushuka kama upinde, kisha ikagawanyika kabla ya kuingia ardhini. Mti mkubwa hushikiliwa na mizizi hiyo pande zote, mara nyingine shina lenyewe lisiguse tope, na mizizi mingine hushuka kutoka kwenye matawi ya chini. Picha ikionyesha matao makubwa ya namna hii, yaliyo wazi kiasi cha mtu kupita chini yake akiinama, hakuna haja ya kubishana: huo ni mkoko.

Matao madogo ndiyo yanayopotosha. Mkandaa, Ceriops tagal, nao hutoa mizizi mifupi ya nguzo chini ya shina ungali mchanga. Kadiri mti unavyokua, mizizi hiyo huungana na shina na kulifanya liwe pana chini, lenye kingo zilizojitokeza. Pembeni mwa mti, mizizi iliyolala ndani ya tope huchomoza juu kidogo, ikajikunja na kurudi chini, ikaacha vigoti. Msindi, Bruguiera gymnorrhiza, ndio wenye vigoti hivyo kwa wingi na kwa ukubwa, na shina lake huwa na kingo nene chini. Kwa hiyo tao la kimo cha goti lililo kwenye mti mwembamba halithibitishi mkoko. Huo waweza kuwa mkoko mchanga, waweza pia kuwa mkandaa.

Mchu na mlilana hawana matao. Mizizi yao ya kupumulia huchomoza wima kutoka topeni, na tofauti iko kwenye unene. Ya mchu, Avicennia marina, ni myembamba, inakaribia unene wa penseli kutoka chini hadi juu, tena hujipanga kwa mistari inayotoka shinani kwa sababu imeota juu ya mizizi mirefu iliyolala chini ya tope. Ya mlilana, Sonneratia alba, ni minene chini na imechongoka juu, nayo huwa mirefu na migumu zaidi. Tatizo ni kwamba vijiti hivyo hutapakaa mbali na shina lake. Vijiti vilivyo chini ya mkoko vinaweza kuwa vya mchu uliosimama nje ya ukingo wa picha, na picha iliyopigwa maji yakiwa yamejaa haionyeshi kijiti hata kimoja.

Hapo ndipo mche unapohitajika. Kile kitu kirefu cha kijani kinachoning'inia kwenye mkoko si tunda, ingawa wengi hukiita hivyo. Tunda ni kile kipande kifupi cha kahawia kilicho juu yake. Mbegu iliyomo ndani ya tunda huota ingali mtini, ikatoboa tunda na kurefuka kwenda chini. Kinachoonekana ni bua la mti mdogo ambao bado unanyonyeshwa na mama yake. Jambo hili hutokea kwa mkoko, mkandaa na msindi, na kila mmoja humwumba mwanawe kwa umbo lake.

Mche wa mkoko ndio mrefu kuliko yote. Aghalabu huvuka sentimita 30, na mara nyingi hufika 50 na zaidi, na ngozi yake ina vinundu vidogo vinavyoparuza mkononi. Wa mkandaa ni mwembamba na mfupi, kiasi cha sentimita 15 hadi 25, una mistari iliyoinuka kutoka juu hadi chini, na ncha yake imechongoka. Wa msindi unakaribia urefu wa ule wa mkandaa, lakini ni mnene kama sigara kubwa, na ncha yake ni butu. Kwenye picha isiyo na kipimo, urefu hausaidii sana kwa kuwa mche mfupi uliopigwa karibu huonekana mrefu. Afadhali kulinganisha unene na urefu wa mche huo huo, au kupima mche kwa jani lililo kando yake. Mche wa mkoko uliokomaa huzidi urefu wa majani yake mara kadhaa.

Ipo alama nyingine ambayo haitegemei kipimo, nayo hudharauliwa bure. Juu ya tunda hubaki sepali, yaani vile vijani vigumu vilivyolifunika ua kabla halijachanua. Mkoko una sepali nne, mkandaa tano, na msindi zaidi ya kumi, nyembamba kama vidole, mara nyingi zenye rangi nyekundu. Picha yenye tunda moja tu lililo wazi inatosha kumaliza ubishi kwa kuhesabu. Tena msindi huangusha mche wake pamoja na kofia hiyo ya sepali, hali mkoko huuachia mche peke yake na kulibakiza tunda tawini.

Mchu na mlilana hawabebi miche mirefu. Tunda la mchu ni dogo, bapa, la kijani chenye ukungu wa kijivu, na ndani yake mche umeshaota lakini haujatoboa ganda. La mlilana ni la mviringo, la kijani, limekaa juu ya sepali zilizotandazwa kama nyota na lina kijiti kirefu katikati. Mlilana haukuzi mche mtini; mbegu zake ndogo huota baada ya tunda kuanguka na kuoza.

Jani hutumika kuamua pale mizizi na mche vinapokosekana. Jani la mkoko ni pana na lina kisindano kwenye ncha, na chini yake kuna vitone vidogo vya kahawia vilivyotapakaa. Jani la msindi limechongoka bila kisindano wala vitone. La mkandaa ni dogo, pana zaidi upande wa ncha, nayo ncha ni ya mviringo, pengine imebonyea kidogo. Kisindano cha mkoko hukatika jani linapozeeka, kwa hiyo hutafutwa kwenye majani mapya yaliyo karibu na chipukizi. Jani la mchu hutambulika kwa rangi ya chini, kijivu kinachoelekea weupe, kiasi kwamba upepo ukivuma mti mzima hubadilika rangi. La mlilana ni nene, linakaribia mviringo, na kijani chake ni kile kile juu na chini.

Tuchukue picha iliyopigwa kwenye mashua, maji yamekupwa, katika Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale. Mbele, upande wa bahari, kuna miti yenye matawi yaliyotanuka na vijiti vinene vilivyochongoka vimejaa topeni: milalana, nayo ndiyo inayotarajiwa ukingoni kabisa. Nyuma yake kuna ukuta wa matao marefu: mikoko. Kulia, penye mkondo, kuna mti mwembamba wenye matao ya kimo cha goti, na macho hukimbilia kuuita mkoko kwa kuwa umezungukwa na mikoko. Picha ikikuzwa, majani yake ni madogo na ncha zake ni za mviringo. Hapo shaka inaanza. Kwenye tawi la chini inaonekana miche miwili myembamba, na mwanga wa pembeni unaonyesha mistari iliyoinuka kwa urefu wake. Dalili mbili zimekubaliana dhidi ya moja, na mizizi, ambayo ndiyo iliyovuta macho, inashindwa. Huo ni mkandaa.

Chini ya mti huo huo kuna mche mrefu wenye vinundu umesimama topeni. Huo ni wa mkoko, lakini hausemi lolote kuhusu mti ulio juu yake, kwa sababu mche wa mkoko huelea na unaweza kusafiri siku nyingi kabla ya kushika ardhi. Mche unaohesabiwa kuwa ushahidi ni ule ulioshikamana na tawi.

Nafasi ya mti kutoka baharini nayo iaminiwe kwa kiasi. Mchu, kwa mfano, huota upande wa bahari na pia kwenye ardhi ya chumvi nyingi upande wa nchi kavu, ukabaki mfupi kama kichaka. Isitoshe, tangu miaka ya 1990 mikoko imekuwa ikipandwa upya Gazi na kwingineko, na mti uliopandwa husimama pale mtu alipouweka. Miti ya kimo kimoja iliyonyooka kwa mistari ni dalili kwamba hapo ni shamba.

Kwa anayetaka picha yake itambuliwe, picha moja ya mbali haitoshi. Apige nne maji yakiwa yamekupwa: mizizi ya mti mmoja kutoka shinani, tawi lenye mche ulioshikamana na tunda likionyesha sepali, jani changa kwa juu, na jani hilo hilo likigeuzwa. Kando ya mche aweke kalamu au rula. Pasipo na mche wala tunda, na majani yakiwa mbali mno, jibu sahihi kwa mti mdogo wenye matao mafupi ni kwamba ni mkoko au mkandaa, na lisipunguzwe kuwa jina moja.