Unapoulizwa "Umeshamfanyia Nani?" na Wateja Bado Wachache

Tumchukulie fundi mizani wa Bariadi mjini, mwenye leseni ya Wakala wa Vipimo, ambaye kwa misimu miwili amekuwa akitengeneza mizani ya kidijitali ya wanunuzi wa dengu na ya mashine mbili za kukoboa mpunga upande wa Maswa. Sasa anataka kazi ya chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, chenye vituo vitatu vya kununulia pamba. Katibu wa chama anamsikiliza vizuri, anauliza bei, kisha anasema: "Sawa kijana. Nipe majina ya AMCOS tatu ulizozifanyia, niwapigie." Fundi hana hata moja.

Hapo ndipo wengi huharibu. Mmoja hutoa namba ya binamu yake aliye mjumbe wa chama fulani. Mwingine huorodhesha kila aliyewahi kumfungulia mzani, kuanzia bucha hadi duka la misumari, akitumaini wingi utafunika pengo. Mwingine hujibu "nitakutumia" na asionekane tena. Katibu akipiga simu moja tu na kusikia maneno ya jumla kama "ni kijana mzuri, mwaminifu," anajua hajaambiwa chochote kuhusu mizani.

Kabla ya kutafuta majina, fundi ajiulize katibu anaogopa nini. Katika ununuzi wa pamba hofu hiyo ina sura inayojulikana. Mzani ukipunguza nusu kilo kwa kila mzigo, na kituo kikapokea mizigo 200 kwa siku, ni kilo 100 ambazo wakulima hawakulipwa. Ukizidisha kiasi hicho hicho, chama kitaonekana kimepokea kilo 100 ambazo hazipo ghalani, na mwisho wa msimu katibu ndiye atakayeulizwa. Akisema anataka AMCOS tatu, anatafuta uhakika kwamba fundi hatamwachia tatizo hilo katikati ya foleni.

Kwa hiyo jibu zuri huanza kwa kusema ukweli wa idadi bila kujikunyata, kisha linauliza swali. Linaweza kuwa hivi: "Katibu, AMCOS sijafanya bado. Mizani niliyoshughulikia ni ya dengu na mpunga, ya aina hii hii ya jukwaa ya kilo 300. Naomba nikuulize, msimu uliopita mizani yenu ilisumbua nini?" Katibu atakayejibu, "Kilo za kituoni hazikulingana na za kiwandani," amempa fundi kazi halisi ya kuthibitisha. Majina matatu yasingempa hilo.

Kutoka hapo fundi atenganishe yanayofanana na yasiyofanana, mbele ya katibu mwenyewe. Mzani wa dengu na wa pamba unaweza kuwa mmoja kabisa: jukwaa lile lile, vihisi vile vile vya uzito chini yake, kioo kile kile cha namba. Mazingira ya kazi ndiyo yanayotofautiana. Dengu iko ndani ya gunia lililojaa na kushonwa, nalo hukaa katikati ya jukwaa. Pamba ni nyepesi na imevimba. Mzigo wake huzidi ukingo wa jukwaa na kulalia upande mmoja. Kituo nacho mara nyingi kipo kwenye ardhi isiyo sawa, na nyuzi za pamba huingia chini ya jukwaa zikalizuia kushuka vizuri. Fundi anayeyataja haya kabla ya kuulizwa amejieleza vizuri kuliko mwenye majina matano asiyeyajua.

Sasa ndipo majina yana maana, na mawili yanatosha. Aombe ruhusa kwanza kwa kila mmoja, kwa sababu namba ya simu ya mtu si mali ya fundi kuigawa. Amweleze pia ataulizwa nini, bila kumfundisha la kusema. Mwenye mashine ya mpunga anaweza kutumiwa ujumbe huu: "Shikamoo mzee. Katibu wa AMCOS moja anataka kujua kazi yangu kabla ya kunipa mizani yao. Ukiridhia nimpe namba yako. Atauliza mzani wako ulikuwa na shida gani, nilichukua muda gani, na kama shida ilirudi. Mwambie kama ilivyokuwa." Kwa katibu naye, fundi aseme huyu ni wa mpunga, muulize kuhusu kasi na kama shida ilirudi, habari za pamba hawezi kukupa.

Pengo linalobaki huzibwa na jaribio dogo, na jaribio linahitaji mipaka. Fundi aombe mzani mmoja, kituo kimoja, asubuhi moja kabla ya msimu. Aweke mawe ya mzani yaliyohakikiwa, tuseme matano ya kilo 20, ambayo jumla yake ni karibu theluthi ya uwezo wa mzani wa kilo 300. Ayapime katikati, kisha kila pembe, na katibu aandike namba kwa mkono wake. Katikati ikisoma kilo 100.0 na pembe moja 99.4, chanzo cha zile kilo zisizolingana kimeanza kuonekana. Kisha wasafishe chini ya jukwaa, wasawazishe miguu yake na kurudia. Pembe ikirudi sawa, tatizo lilikuwa nyuzi au ardhi. Isiporudi, huenda kihisi cha upande huo kimechoka.

Hadi hapo lakiri ya Wakala wa Vipimo haijaguswa, nayo isiguswe kwenye jaribio. Kama matengenezo yanahitajika, yawe mapatano mengine yenye bei yake, na mzani urudi kuhakikiwa na Wakala kabla ya kupima pamba ya mkulima yeyote. Jaribio la asubuhi moja linaweza kuwa la bure. Kutengeneza vituo vyote vitatu bure "ili mnijue" ni kosa, maana katibu makini atajiuliza kwa nini kazi haina bei, na fundi hatakuwa na fedha ya kurudi mzani ukisumbua.

Njia hii ina mpaka wake. Zabuni ya taasisi ya umma inayopitia mfumo wa NeST ikitaka mikataba ya kazi kama hiyo, mazungumzo mazuri hayachukui nafasi ya mkataba. Fundi asome vigezo kwanza. Asipovitimiza, atafute mwenye uzoefu wa kushirikiana naye kama masharti yanaruhusu, au aiache. Kwa mteja binafsi pia kuna dalili ya kuangalia. Kama katibu ameona jaribio, ameongea na wale wawili aliopewa majina, na bado anaomba jina jingine, kizuizi huenda ni bei, au kamati imeshamchagua mtu. Aulizwe kwa heshima: "Katibu, nikileta jina hilo, kuna kingine kitakachobaki?"

Kazi ikikubaliwa, fundi ahifadhi ile karatasi ya namba za kabla na baada yenye saini ya katibu, na aombe ruhusa ya maandishi kuionyesha kwa wengine. Karatasi hiyo ndiyo atakayoingia nayo AMCOS ya pili. Msimu wa ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa Mei, kwa hiyo wewe unayelenga vituo vya Simiyu, omba jaribio lako Machi au mapema Aprili. Foleni ikishaanza, hakuna katibu atakayekuachia mzani wake asubuhi nzima.