Kijiko, Chupa na Neno "Dawa": Usahihi na Usomekaji wa Matangazo ya Kipindupindu katika Jiji la Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi tangazo fupi la afya linavyoweza kusomeka kwa urahisi bila kupoteza usahihi wa kitabibu. Mfano unaotumika ni maelezo ya kumnywesha mgonjwa wa kipindupindu maji yenye chumvi na sukari. Hoja kuu ni kwamba madhara mengi hayatokani na uongo wa makusudi. Yanatokana na vipimo visivyotajwa kikamilifu, maneno ya kawaida yanayobeba ahadi ambayo mwandishi hakukusudia kuitoa, na nusu-kweli zinazoandikwa kana kwamba ni kanuni. Makala yanachambua tangazo moja sentensi kwa sentensi, yanaliandika upya, kisha yanaeleza njia ya kulijaribu kabla halijasambazwa.

1. Utangulizi

Tarehe 1 Januari 2023 Wizara ya Afya ya Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu uliohusisha jiji la Bujumbura. Ugonjwa huu si mgeni katika ukanda wa Ziwa Tanganyika na bonde la Rusizi. Katika jiji hili ujumbe wa afya husafiri kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili. Kiswahili kina nafasi ya pekee Buyenzi, masokoni, na katika mawasiliano na watu wanaovuka mpaka kutoka Uvira. Kwa hiyo tangazo la Kiswahili si tafsiri ya ziada: kwa baadhi ya wakazi ndilo tangazo lenyewe.

Kipindupindu kinahitaji uandishi makini kwa sababu muda ni mfupi. Watu wengi wanaoambukizwa hawaoneshi dalili, au huugua kidogo tu. Lakini mwenye ugonjwa mkali anaweza kufariki katika muda wa saa chache kwa kupoteza maji na chumvi, ingawa akitibiwa mapema na ipasavyo, vifo hushuka chini ya mmoja kwa kila wagonjwa mia. Sentensi inayomchelewesha mgonjwa nyumbani kwa nusu siku, hata ikiwa na nia njema, inaweza kumgharimu uhai.

2. Tangazo linalochambuliwa

Tangazo lifuatalo limetungwa kwa ajili ya mjadala huu, kwa kukusanya kasoro zinazojitokeza mara kwa mara katika uandishi wa aina hii:

"Kipindupindu kinaua! Ukiharisha, tumia dawa ya nyumbani: weka chumvi na sukari, vijiko viwili viwili, katika chupa ya maji. Kunywa na utapona. Limau pia huua vijidudu vya kipindupindu. Jikinge mapema kwa kumeza antibiotiki."

Tangazo ni fupi, maneno yake ni mepesi, na mtu wa darasa la tano anaweza kulisoma bila kukwama. Kwa kipimo cha urefu wa sentensi pekee lingefaulu. Hata hivyo, karibu kila sentensi yake ina hatari.

3. Kijiko na chupa

Maji ya chumvi na sukari hufanya kazi kwa sababu utumbo wa mgonjwa, hata unapomwaga maji, bado unaweza kufyonza chumvi na sukari zikiwa pamoja, na maji huzifuata. Uwiano ndio unaoamua matokeo. Kanuni ya nyumbani inayokubalika ni lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Nusu kijiko hicho ni takriban gramu 3 za chumvi.

Tangazo letu linasema "vijiko viwili" bila kutaja aina ya kijiko. Anayetumia kijiko cha chai ataweka takriban gramu 12 za chumvi, yaani mara nne ya inayotakiwa. Anayetumia kijiko cha chakula, ambacho hubeba vijiko vitatu vya chai, ataweka takriban gramu 36. Katika lita moja, hicho ni kiwango cha chumvi cha maji ya bahari. Chumvi ikizidi namna hiyo huvuta maji kutoka mwilini badala ya kuyarudisha, na kwa mtoto mdogo inaweza kuleta degedege. Sukari nayo ikizidi huongeza kuharisha.

Neno "chupa" lina tatizo hilohilo. Chupa ya maji inayouzwa dukani inaweza kuwa ya nusu lita au ya lita moja na nusu. Hata pakiti iliyopimwa kiwandani hupoteza usahihi wake hapa. Pakiti ya kawaida ya lita moja ina gramu 20.5 za mchanganyiko. Ikimiminwa katika chupa ya nusu lita, maji yanakuwa makali maradufu. Ikimiminwa katika lita moja na nusu, yanabaki na theluthi mbili tu za nguvu yake. Zaidi ya hayo, pakiti huweza kuwa na herufi ORS za Kiingereza au SRO za Kifaransa. Tangazo linalotaja moja tu humwacha msomaji akidhani amekosea bidhaa.

Suluhisho si kuongeza maelezo marefu, bali kutaja chombo ambacho msomaji anacho mkononi. "Mimina chupa mbili za nusu lita katika sufuria safi, kisha weka pakiti nzima" ni sahihi kuliko "lita moja" peke yake. Sufuria lazima itajwe. Isipotajwa, msomaji ataigawa pakiti kwa kukadiria ili iingie katika chupa mbili.

4. Neno "dawa" na ahadi iliyofichika

Katika Kiswahili, dawa ni kinachoponya, lakini pia ni kinachoua: tuna dawa ya homa, dawa ya mbu na dawa ya kutia katika maji. Kirundi nacho kina neno "umuti" kwa maana ya dawa. Upana huu ni utajiri wa lugha, lakini katika tangazo la dharura unazaa makosa ya aina mbili.

Kosa la kwanza ni la matarajio. Maji ya pakiti yakiitwa "dawa ya kuharisha", msomaji anatarajia yakate kuharisha. Hayafanyi hivyo. Kazi yake ni kurudisha kilichopotea, na mgonjwa anaweza kuendelea kuharisha kwa saa nyingi huku akipata nafuu. Mama anayeona mtoto bado anaharisha baada ya vikombe viwili anahitimisha kwamba "dawa imeshindwa" na kuiacha wakati inapohitajika zaidi. Sentensi moja inaziba pengo hili: "Maji haya hayakati kuharisha; yanarudisha maji na chumvi mwilini. Endelea kumpa."

Kosa la pili ni la kuchanganya vitu. "Tia dawa katika maji" inaweza kumaanisha klorini ya kusafishia au pakiti ya kunywa. Ni vyema neno "dawa" liondolewe kabisa katika sehemu hizo mbili, na kila kitu kiitwe kwa jina lake. Kuhusu klorini, idadi ya matone isitajwe bila kutaja bidhaa na ukali wake, kwa kuwa bidhaa hutofautiana. Pale ambapo hilo halijathibitishwa, tangazo liseme tu kwamba maji yachemshwe mpaka yatokote, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa.

5. Nusu-kweli

Dai la limau halikuzuka hewani. Bakteria wa kipindupindu hudhoofishwa na asidi, na utafiti uliofanywa Gine-Bisau katika miaka ya 1990 ulionesha kwamba maji ya ndimu katika chakula yalihusiana na kupungua kwa maambukizi. Hata hivyo, hatua kutoka "yalihusiana na kinga katika chakula" hadi "huua vijidudu vya kipindupindu" ni kubwa. Msomaji atakamulia limau ndani ya maji machafu na kuyaona salama, au atampa mgonjwa limau badala ya kumpeleka kituoni. Mwandishi asipoweza kutaja kwa nani, kwa kiasi gani na kwa hali gani, dai hilo liachwe.

Antibiotiki nazo zina nafasi yake: mtaalamu huwapa hasa wenye upungufu mkubwa wa maji, sambamba na kuwarudishia maji. Kumeza vidonge kwa kujikinga ni jambo jingine. Hakumlindi mtu ipasavyo, na kunachangia usugu wa bakteria. Neno "mapema" limegeuza tiba ya wagonjwa wachache kuwa ushauri kwa kila mtu.

Dai zito kuliko yote ni "utapona". Kitenzi hiki hakina sharti. Mgonjwa asiyeweza kunywa, au aliyelegea, anahitaji maji ya mshipani, na hayo hayapatikani nyumbani.

6. Tangazo lililoandikwa upya

"Mtu anayeharisha ghafla majimaji mengi, kama maji yaliyooshewa mchele, huenda ana kipindupindu. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu sasa hivi.

Wakati mnajiandaa na mkiwa njiani, mpe maji ya pakiti ya ORS (SRO). Mimina chupa mbili za nusu lita za maji safi katika sufuria safi. Weka pakiti nzima. Koroga. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Maji haya hayakati kuharisha. Yanarudisha maji na chumvi mwilini. Endelea kumpa. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe polepole. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Hamna pakiti? Katika maji hayohayo weka vijiko 6 vya CHAI vya sukari na NUSU kijiko cha CHAI cha chumvi, bila kurundika. Usizidishe chumvi. Bado mpeleke kituoni."

Tangazo hili ni refu kuliko la kwanza, lakini ni jepesi zaidi kutekelezwa, maana kila sentensi ina tendo moja au sababu moja. Kituo kimetajwa mwanzoni na kurudiwa mwishoni. Pakiti imetangulia kwa sababu mchanganyiko wa nyumbani hauna potasiamu. Hakuna ahadi ya kupona.

7. Kulijaribu kabla ya kulisambaza

Kumuuliza msomaji "umeelewa?" hakutoshi, kwani kwa heshima wengi hujibu ndiyo. Jaribio la haki ni kumpa tangazo, kumwomba atumie kijiko na chupa za nyumbani kwake, kisha kuangalia mikono yake bila kumsaidia. Chumvi aliyopima inaweza kuwekwa kwenye mizani ndogo: ikifika gramu 6 kwa lita, tangazo limeshindwa, si msomaji.

Mfano mkubwa wa njia hii unatoka Bangladeshi, ambako kuanzia mwaka 1980 shirika la BRAC lilifundisha mamilioni ya kaya kutengeneza maji haya. Wakaguzi walirudi baadaye kwa baadhi ya akina mama, wakawaomba wayatengeneze, na sampuli zikapimwa chumvi yake. Malipo ya wafundishaji yalitegemea matokeo hayo, si idadi ya nyumba walizotembelea.

8. Hitimisho

Kwa washauri wa sera, uchambuzi huu una mapendekezo matatu. Kwanza, kila tangazo liwe na karatasi ya nyuma inayoonesha chanzo cha kila dai, ofisa aliyelithibitisha, na tarehe ambayo litapitiwa tena. Pili, matoleo ya Kirundi, Kifaransa na Kiswahili yalinganishwe kwa vipimo na masharti yake, kwa kuwa "kijiko cha chai" kinaweza kubaki "kijiko" tu katika toleo moja. Tatu, idhini itolewe baada ya jaribio la mikono, si baada ya usomaji wa mezani pekee. Mpaka wa tangazo nao ukubaliwe: haliwezi kumpima mgonjwa, wala haliwezi kuleta maji safi pale bomba lilipokauka. Linaloweza kufanya ni kumfikisha mgonjwa kituoni akiwa bado na nguvu ya kunywa.