Kilele cha Uhuru Kinapohamia Uhispania

Kilele cha Uhuru, juu ya Mlima Kilimanjaro, kipo 3°04′33″ kusini mwa Ikweta na 37°21′12″ mashariki. Mabaharia na wapima ardhi wameandika hivyo miaka mingi: digrii, dakika, sekunde. Lakini programu za ramani kama QGIS kwa kawaida hutaka namba moja tu kwa latitudo na moja kwa longitudo, kila moja katika safu yake: -3.07583 na 37.35333.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Digrii moja ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60, kwa hiyo digrii ina sekunde 3,600. Gawa dakika 4 kwa 60 upate 0.06667. Gawa sekunde 33 kwa 3,600 upate 0.00917. Jumlisha na zile digrii 3, na latitudo inakuwa 3.07583. Kwa kuwa tuko kusini, tunaweka alama ya kutoa mbele yake. Magharibi nako huwekwa alama hiyo hiyo. Kaskazini na mashariki huachwa bila alama.

Wengi huteleza kwa kufuta vialama na kuweka nukta, 3°04′33″ ikawa 3.0433 na 37°21′12″ ikawa 37.2112. Ni sawa na kusema saa moja na nusu ni saa 1.30, ilhali ni 1.5. Kwa kosa hilo kilele kinasogea karibu kilomita 16 kuelekea magharibi. Bado nukta iko mlimani, na anayeitazama ramani kwa haraka hashtuki.

Kwa orodha ndefu, fungua jedwali la kompyuta. Safu A iwe jina la mahali, B digrii, C dakika, D sekunde, na E herufi ya upande. Tumia N, S, E na W, maana ukiandika K hutajua kesho kama ulikusudia kusini au kaskazini. Fomula ni hii:

```
=ROUND((B2+C2/60+D2/3600)*IF(OR(E2="S",E2="W"),-1,1),5)
```

Angalia kwamba alama ya kutoa inakuja baada ya kujumlisha kila kitu. Ukianza na -3 kisha ukaongeza dakika na sekunde, unapata -2.92417, na nukta inaruka kilomita 17 kaskazini. Herufi ina faida nyingine kwetu tunaokaa karibu na Ikweta. Kisumu iko takriban 0°06′ kusini, na kompyuta haitofautishi 0 na -0. Bila herufi, mji huo unahamia ng'ambo ya Ikweta, kilomita 22 kutoka mahali pake.

Desimali tano zinatosha. Sekunde moja ya latitudo ni kama mita 31 ardhini, na desimali ya tano ni kama mita moja. Kama chanzo kiliandika sekunde nzima tu, kuongeza desimali hakuongezi usahihi.

Kabla ya kugawa chochote, kagua safu ya sekunde. Ukikuta 75 au 92, hizo si sekunde. Vifaa vingi vya GPS huonyesha dakika zenye desimali: 3°04.550′ ni dakika nne na nusu ushei, yaani sekunde 33, wala si dakika 4 na sekunde 55. Kuzichanganya kunakupeleka mbali karibu mita 700.

Unapoingiza faili kwenye QGIS, X ni longitudo na Y ni latitudo, na mfumo wa kuchagua ni EPSG:4326. Ukizigeuza, Kilele cha Uhuru kitatua kusini mwa Uhispania, karibu na mji wa Guadix. Ukisahau alama ya kutoa, kitaangukia Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Na kama nukta zote zimepishana na ramani kwa takriban mita 300 kwenda upande mmoja, usilaumu fomula: huenda koodineti zilitoka kwenye ramani za zamani za Afrika Mashariki zilizochorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ambao una namba yake, EPSG:4210.

Kosa la kilomita elfu hujitangaza lenyewe. La kilomita 16 au mita 700 hukaa kimya. Kwa hiyo usifute safu za mwanzo baada ya kubadilisha, na katika kila orodha weka mahali pamoja unapopafahamu vizuri. Papo hapo pasipokaa sawa kwenye ramani, usiziamini nukta nyingine.