Volti Sita Tu: Transfoma Mbili Zinapofungwa Pamoja

Jumapili asubuhi, kiwanda cha kukoboa kahawa kimefungwa. Mashine zimezimwa, mikanda imesimama, hata taa za ghalani hazijawashwa. Lakini ndani ya chumba cha umeme amita za transfoma mbili zinasoma ampea 230 kila moja. Mlinzi akiulizwa nani anatumia umeme atajibu kuwa hakuna mtu, na atakuwa amesema kweli. Umeme huo unatoka transfoma ya kwanza, unapita kwenye baa za shaba, unaingia transfoma ya pili, kisha unarudi ulikotoka. Huo ndio mkondo wa mzunguko. Kiwanda hiki nimekibuni kwa ajili ya hesabu, ila namba zake ni za vifaa vya kawaida, na tatizo lenyewe linaweza kujificha kwa miaka kwa sababu hakuna taa inayozima wala fyuzi inayokatika.

Tuseme kiwanda kina transfoma mbili zinazofanana, kila moja ya kVA 500, zinazopokea umeme wa volti 11,000 na kuushusha hadi volti 400. Kila moja ikibeba mzigo wake kamili hutoa ampea 722. Zimeunganishwa sambamba, yaani upande wa juu zinakula kwenye laini moja, na upande wa chini zinalisha baa zilezile. Sababu za kufanya hivyo ni nzuri: mzigo umekua kuliko uwezo wa transfoma moja, na msimu wa kahawa ukiisha unaweza kuzima moja ukaifanyia matengenezo bila kiwanda kusimama.

Kwenye mfuniko au ubavuni mwa transfoma kuna kishikio cha tepu, chenye nafasi 5 kwa kawaida. Kila nafasi hubadilisha idadi ya mizunguko ya waya upande wa juu kwa asilimia 2.5. Nafasi ya 3 ni ya katikati: volti 11,000 zikiingia, zinatoka 400. Nafasi ya 4 imepangwa kwa laini iliyodhoofika, yenye volti 10,725, ili nayo itoe 400. Sasa transfoma moja iko nafasi ya 3 na mwenzake iko nafasi ya 4. Labda fundi aliisogeza kipindi umeme ulipokuwa hafifu, kabla ya pili kuletwa. Laini inapokuwa na volti 11,000 kamili, ya kwanza inataka kutoa volti 400 na ya pili inataka kutoa 410. Baa ni moja, haiwezi kuwa na volti mbili. Ile yenye volti nyingi inaisukumia mwenzake mkondo.

Hapo ndipo watu wengi hushangaa, kwa kuwa tofauti yenyewe ni ndogo. Ukiipima kati ya fezi na nyutro ni karibu volti 6, nguvu ya betri ndogo. Ila swali si volti ni ngapi, bali ni nini kinazizuia. Kizuizi pekee kwenye njia ile ni impidansi ya transfoma zenyewe, yaani ule ugumu wa ndani unaotokana na waya na usumaku wake. Kwenye kibao cha maelezo imeandikwa kwa asilimia, na kwa ukubwa huu kwa kawaida ni 4. Maana yake kwa lugha ya vipimo ni omu 0.0128 kwa kila transfoma. Mkondo unapita kwenye zote mbili, basi jumla ni omu 0.0256. Gawanya volti 5.9 kwa omu 0.0256 upate ampea 230 hivi. Karibu theluthi moja ya uwezo wa kila transfoma imekwisha kabla mashine hata moja haijawashwa.

Fikiria matangi mawili ya maji yaliyounganishwa kwa bomba nene chini, moja likiwa na maji juu kidogo kuliko jingine. Maji yatahama kwa kasi hata kama tofauti ya kina ni ya vidole viwili. Ila maji ya matangi husawazika yakatulia. Transfoma hazisawaziki kamwe, kwa sababu laini ya volti 11,000 inazilisha zote mbili kila sekunde na tepu zinaitunza tofauti ileile.

Jumatatu mashine zinawashwa. Mzigo wote ni ampea 1,444, sawa kabisa na uwezo wa transfoma mbili, na msimamizi anayesoma amita ya jumla anaona mambo yapo sawa. Mkondo wa mzunguko, hata hivyo, haujaondoka. Unajumlika na mzigo kwenye transfoma yenye volti nyingi na kupunguza mzigo wa mwenzake. Hesabu yake si ya kujumlisha moja kwa moja, maana mkondo wa mzunguko huchelewa nyuma ya volti zaidi kuliko mkondo wa mashine. Kwa mzigo wa mota za kiwandani wenye pawa fakta ya 0.85, transfoma ya nafasi ya 4 hubeba kama ampea 905, na ya nafasi ya 3 hubeba 575. Moja imezidiwa kwa robo, nyingine imelegea kwa moja ya tano, na ukizisoma kwa jumla hutajua lolote. Kila transfoma lazima iwe na amita yake.

Joto linalozalishwa kwenye waya hukua kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo ile iliyozidiwa kwa robo inazalisha joto zaidi ya mara moja na nusu ya lile ilioundiwa. Karatasi inayozifunika nyaya ndani ya mafuta ndiyo inayoumia. Kanuni inayotumiwa na wataalamu ni kwamba kila joto la waya linapopanda nyuzi 6 juu ya kiwango kilichokusudiwa, karatasi huchakaa kwa kasi maradufu. Na umeme unaopotea nao unalipiwa. Ikiwa kila transfoma hupoteza kilowati 5.5 kwenye waya inapobeba mzigo kamili, mkondo huu wa mzunguko unapoteza kilowati 1.1 kwa zote mbili, usiku na mchana, mzigo uwepo usiwepo. Kwa mwaka ni zaidi ya uniti 9,000.

Tiba ni rahisi: zima, zitenge zote mbili upande wa juu, rudisha tepu kwenye nafasi moja, pima, washa. Tepu za transfoma ndogo hazigeuzwi umeme ukiwemo. Anayejaribu anakata mkondo ndani ya mafuta na anaweza kusababisha moto. Kwenye vituo vikubwa vya kupoozea umeme tepu hugeuzwa mzigo ukiendelea, na hapo mitambo ya udhibiti hufungwa pamoja ili transfoma moja ikipanda hatua, nyingine ipande nayo. Ikikwama njiani, mkondo wa mzunguko huanza papo hapo.

Lakini tepu zinaweza kuwa sawa na bado kukawa na hatari kubwa zaidi, ile ya pembe. Kwenye kibao utaona maandishi kama Dyn11 au Yyn0. Namba ya mwisho inaeleza volti za upande wa chini zimegeuka kiasi gani kulinganisha na za juu, kwa mfano wa mshale kwenye uso wa saa: 11 ni mahali namba 11 inapokaa, 0 ni juu kabisa. Hatua moja ya saa ni nyuzi 30. Ukiifunga Dyn11 pamoja na Yyn0, volti za kila fezi ni sawa kwa ukubwa lakini hazifiki kileleni kwa wakati mmoja, na tofauti kati yao inafika nusu ya volti zenyewe. Mkondo utakaopita ni zaidi ya mara sita ya uwezo wa transfoma. Hakuna tepu inayorekebisha hilo, na transfoma hizo mbili hazifungwi sambamba.

Ndiyo maana fundi makini haamini kibao peke yake. Anaunganisha nyutro za transfoma mbili, anaacha breka ya transfoma ya pili wazi, kisha anaweka voltimita kati ya midomo miwili ya breka ileile, fezi kwa fezi. Kila jozi inapaswa kusoma karibu na sifuri. Ikisoma volti 6, anajua tepu zimetofautiana. Ikisoma 120 kwenye zote tatu, pembe zimetofautiana kwa nyuzi 30. Ikisoma sifuri kwenye jozi moja na 400 kwenye mbili zilizobaki, waya za fezi mbili zimebadilishana mahali. Kipimo hiki ni cha dakika chache, nami sioni sababu ya mtu yeyote kufunga breka bila kukifanya. Hata ile volti 6 isichukuliwe kuwa kosa la mita.

Impidansi nayo ina sharti lake, na hapa kuna jambo linalochanganywa mara nyingi. Transfoma zenye impidansi tofauti, lakini tepu na pembe sawa, hazina mkondo wa mzunguko. Jumapili amita zao zitasoma karibu sifuri. Kosa linajitokeza Jumatatu, kwenye mgawo wa mzigo, kwa sababu mzigo hufuata njia nyepesi. Transfoma mbili za kVA 500, moja ya asilimia 4 na nyingine ya asilimia 5, zikipewa kVA 1,000 zitagawana 556 kwa 444. Ile ya asilimia 4 ndiyo itazidiwa. Ukitaka isizidiwe, mzigo wote usipite 900, na kVA 100 ulizonunua hazina kazi.

Ukubwa ukitofautiana ndipo suala hili linapouma, kwani viwango vya kimataifa vinaweka kima cha chini cha asilimia 4 kwa transfoma hadi kVA 630, na asilimia 5 kwa zile zinazozidi hapo hadi 1,250. Kiwanda chenye transfoma ya 500 kikiongeza ya 1,000, huenda kikajikuta na 4 kwa 5 bila yeyote kukosea. Ile ndogo itajaa wakati kubwa imebeba 800 tu. Jumla ni 1,300, si 1,500. Anayeagiza transfoma ya pili ataje impidansi anayoitaka kwa maandishi.

Na masharti yote yakitimia, bado liko la breka. Transfoma moja ya asilimia 4 ikipatwa na shoti kwenye baa hutoa karibu ampea 18,000. Mbili sambamba hutoa 36,000. Breka zilizonunuliwa enzi za transfoma moja, zenye uwezo wa kukata ampea 25,000, zitashindwa kuukata mkondo huo na zinaweza kupasuka mbele ya mtu. Kwa sababu hiyo viwanda vingi vina transfoma mbili lakini haziungani: breka ya kati huachwa wazi, na kufuli zake huruhusu breka mbili kati ya tatu tu kufungwa kwa wakati mmoja.